Mkono wa shawa umegandia kwenye elbo ya ukutani, paipurenchi inateleza juu ya kitambaa

MamaKibada
Habari za jioni wakuu. Nipo Kigamboni, nyumba tulinunua ikiwa imeshajengwa. Bafu la watoto lina shawa ya kawaida ya maji baridi. Kichwa nimeshakitoa bila shida. Tatizo ni mkono wenyewe, lile bomba lililokunjwa linalotoka ukutani. Umeanza kutoa kutu sehemu unapoingilia ukutani na maji yanachuruzika kidogo kwenye tailizi kila tukioga. Nimenunua mkono mpya, wa zamani hautoki.

Nimeazima paipurenchi ya inchi 14 kwa jirani. Mume wangu alisema nizungushie kitambaa nikel isichunike, nikazungushia kipande cha kanga. Inazunguka renchi na kitambaa, mkono haujigusi. Nikibana zaidi kitambaa kinachanika. Maji yetu ni ya kisima cha kuchimba, yana chumvi. Nifanyeje kabla sijaita mtu wa kubomoa ukuta?

Kitonsa_K
Hiyo ni chokaa ya maji tu dada. Chukua mfuko wa nailoni, tia siki, ufunge kwenye kichwa cha shawa kwa mpira, uache usiku kucha. Asubuhi kinatoka kwa mkono. Mimi hufanya hivyo kila baada ya miezi kadhaa na matundu yanazibuka yote.

MamaKibada
Asante kaka, ila kichwa kimeshatoka. Kinachong'ang'ania ni mkono, upande wa ukutani.

Kitonsa_K
Aah, samahani, nilisoma haraka. Huko siki haifiki.

MzeeWaSpana
Binti, hilo jambo dogo. Kwanza acha kitambaa. Pili kaza kidogo kabla ya kufungua, kutu ivunjike. Tatu pasha moto elbo kwa jiko la gesi la kuchomelea, chuma kikipanuka kinaachia. Nne kama bado, chomeka bomba refu la inchi moja kwenye mpini wa renchi upate urefu wa mita. Hakuna kilichowahi kunishinda kwa njia hiyo, nimeanza ufundi tangu mabomba yote ni ya chuma.

FundiMakorora
Shikamoo mzee. La pili nakubaliana nawe kabisa. La tatu na la nne yanategemea kuna nini nyuma ya tailizi, na hilo bado hatulijui.

Dada, kabla ya kugusa renchi tena, fanya kitu kimoja. Sogeza kile kikombe cha nikel kinachofunika tundu la ukutani. Kama kimegandishwa kwa silikoni au simenti nyeupe, pitisha wembe wa kukatia kuzunguka ukingo wake, kisha kivute kije mbele juu ya mkono. Washa tochi ya simu uangalie mkono unaingia kwenye kitu gani. Chukua na sumaku, hata ile ya kubandikia vitu kwenye friji, ujaribu kwenye mkono na kwenye mdomo wa elbo. Rudi utuambie umeona rangi gani na sumaku imeshika wapi.

MamaKibada
Nimefanya. Kikombe kimetoka. Ndani naona duara la shaba lenye rangi ya dhahabu iliyofifia, na nje ya hilo duara kuna plastiki ya kijani. Kuzunguka ni simenti. Sumaku inashika mkono, haishiki duara.

FundiMakorora
Sasa tunaongea. Hiyo ni elbo ya PPR, ya kike, nusu inchi, yenye pete ya shaba iliyozamishwa ndani ya plastiki wakati wa kiwanda. Mkono wako ni chuma kilichopigwa nikel, siyo shaba. Ndiyo maana umeota kutu pale kwenye tredi, ambapo nikel ilikatwa au ni nyembamba, na maji ya chumvi yamemalizia kazi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo imejaza mianya yote kati ya tredi na tredi.

Hapa ndipo ushauri wa mzee unapoleta hatari. Elbo ya chuma ingevumilia moto na bomba refu. Hii yako haina chuma. Mashine ya kuunganishia mabomba ya PPR huwekwa nyuzi joto 260 na plastiki inayeyuka kwa sekunde chache tu. Moto wa gesi ni mkali mara nyingi kuliko hapo, na shaba inapeleka joto ndani haraka. Unaweza usione chochote nje, ila pete imeshalegea ndani ya plastiki yake.

Nguvu ya kusokota nayo ni hivyo hivyo. Ile pete imeshikwa na plastiki kwa vijino vyake tu. Ukiizidi nguvu, pete inazunguka ndani ya plastiki, na kuanzia hapo hakuna tepu wala katani itakayozuia maji. Ni kubomoa.

MzeeWaSpana
Kwa plastiki sawa, nimekuelewa. Siku hizi kila kitu plastiki. Lakini simenti imeishika elbo, haitazunguka.

FundiMakorora
Simenti inashika plastiki kwa nje, mzee. Haishiki pete.

BiChumbe
Kwetu Unguja hilo la mkono wa chuma ni balaa la kila nyumba. Ukienda dukani mikono yote inang'aa sawasawa, ya shaba na ya chuma, na bei ya chuma inavutia. Mimi siku hizi naingia dukani na sumaku kwenye mkoba. Wenye duka wananicheka.

Dada Kibada, mkono mpya uliununua ni upi? Ujaribu kabla hujaufunga.

MamaKibada
Nimejaribu. Haushiki. Alhamdulillah.

Kwa hiyo ya zamani natupa kabisa. Swali: kuna haja ya kitambaa tena?

FundiMakorora
Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Kitambaa kazi yake ni kuokoa nikel ya kitu utakachokirudisha. Mkono unaokwenda kwenye chuma chakavu hauna haja ya kuokolewa, na meno ya paipurenchi yametengenezwa yaume chuma chenyewe. Ukiweka kanga katikati umeyaziba meno. Kanga ni laini na nyepesi, inateleza juu ya nikel kama sabuni. Kwa mkono huu wako, mwisho wa safari utaondoa kitambaa.

Lakini usikiondoe kwanza, na sababu siyo nikel. Kitambaa kinachoteleza kinakupa kipimo. Kikianza kuteleza kabla mkono haujasogea, unajua umefika nguvu fulani na tredi bado zimeshika. Ukiuma chuma moja kwa moja, renchi haitelezi, na kitakachokubali kwanza kinaweza kuwa pete ya elbo. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza fanya na kitambaa, ila kitambaa cha maana. Chukua kipande cha jinsi kuukuu au, bora zaidi, ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mpira unashika nikel, jinsi inashika kiasi, kanga haishiki.

Namna ya kuzungushia nayo ina maana. Ukiwa umeutazama ukuta, mkono unafunguka kinyume cha saa. Yaani ile ncha inayoning'inia chini inakwenda kulia kwako. Zungushia ukanda kuelekea huko huko, kinyume cha saa, uanze kwenye chuma na umalizie nje. Renchi ikivuta, inazidi kuukaza. Ukizungushia upande wa pili, renchi inaufungua kila unapovuta, na hicho ndicho kinachokupata sasa hivi, nadhani.

Mizunguko miwili au mitatu inatosha. Ukiufanya mnene sana, mdomo wa renchi unaminya mto badala ya bomba.

MamaKibada
Nimeangalia, kweli nilizungushia upande wa saa. Na renchi yenyewe inakaa upande gani? Jirani aliniambia haijalishi.

FundiMakorora
Inajalisha sana. Paipurenchi si spana malaya, inauma upande mmoja tu. Mdomo wake uangalie kule unakovuta. Mpini ukiwa umeelekea kushoto kwako na unausukuma chini, basi mdomo uangalie chini. Ukiigeuza itateleza hata bila kitambaa. Halafu acha upenyo mdogo kati ya mgongo wa mdomo na bomba, usilisukume bomba mpaka ndani kabisa. Ule upenyo ndio unaoifanya taya ya juu ilale kidogo na kubana.

Shika karibu na ukuta kadiri unavyoweza, pale kikombe kilipokuwa, kabla ya kona ya mkono. Ukishika mbele ya kona, unakunja bomba badala ya kulifungua, na la kwako limeshaliwa na kutu, litakatikia ndani ya elbo. Weka kipande cha kadibodi juu ya tailizi chini ya renchi, maana ikiponyoka ni tailizi inayolipia.

Njeri_Ruiru
Habari zenu. Nafuata huu uzi kwa sababu niko na shida kama hiyo hapa Ruiru, lakini yangu ni ya instanti, ile shawa inayochemsha maji yenyewe. Mkono umekwama na kichwa kinavuja. Naweza kutumia hii njia ya tyubu?

FundiMakorora
Dada Njeri, kwako kabla ya tyubu kuna umeme. Waya zinapita juu ya mkono huo huo unaotaka kuushika kwa chuma, na miguu yako iko kwenye maji. Usitegemee swichi ya bafuni peke yake. Kuna nyumba nyingi swichi imekata waya mmoja tu, na kuna nyumba imekata waya usio sahihi. Zima breka kwenye boksi kuu, mwambie mtu asimame hapo, kisha fundi wa stima apime na kuzifungua waya tatu zote kichwani. Kichwa kikishatoka na ncha za waya zimefungwa tepu ndipo mkono unakuwa bomba la kawaida.

Njeri_Ruiru
Sawa, nimeskia. Kweli tayari nilikuwa nimeujaribu na spana nikizima swichi ya bafu pekee. Nitaita mtu wa stima kesho.

Ila niulize kitu. Nikiuvuta ulienda kidogo, kama robo, halafu nikiachilia unarudi mahali ulikuwa. Hiyo ni dalili nzuri?

FundiMakorora
Hapana. Usivute tena. Nitakurudia, nimalize na wa Kigamboni kwanza.

Dada Kibada, mpango wako uwe huu. Funga valvu ya bafu, au ya tanki kama bafu halina yake, na ufungue bomba la chini maji yaishe. Leo jioni kata kipande cha kitambaa cha pamba, kiloweshe mafuta ya kulegeza kutu, WD-40 au yanayofanana, ukizungushe kwenye mdomo wa elbo pale chuma kinapoingia kwenye shaba. Usipulizie tu na kuondoka, bomba limelala na mafuta yatadondoka yote chini. Kitambaa kinayashikilia pale yanapohitajika. Usimwage mengi, hilo ni bomba la maji ya watu na kuna plastiki. Kiache usiku.

Asubuhi futa mafuta yote kwenye sehemu renchi itakaposhika, vinginevyo hata tyubu itateleza. Chukua kalamu ya maka, chora mstari mmoja mfupi unaopita juu ya mkono, juu ya pete ya shaba, mpaka kwenye plastiki ya kijani. Mstari mmoja, vitu vitatu. Hapo ndipo utajua nini kinazunguka.

Chemsha maji, lowesha taulo dogo, uufunike mkono karibu na ukuta dakika chache, urudie ukishapoa. Vaa glavu. Maji ya kuchemka hayatafika nyuzi za kuyeyusha PPR, lakini chuma kinapata joto na ile tepu au katani ya zamani inalainika.

Halafu kaza, kama mzee alivyosema. Kidogo sana, upande wa saa, kwa mkono mmoja. Kukaza kunahitaji kuigeuza renchi. Kisha fungua. Mkono mmoja katikati ya mpini. Usining'inie. Kilo 20 mwishoni mwa mpini wa sentimita 35 ni sawa na kilo 70 kwenye mpini wa sentimita 10, na pete ya shaba haijui wewe ni mwanamke mwembamba au fundi wa kilo mia.

MzeeWaSpana
Na nyundo? Ukigongagonga mwisho wa mpini kwa nyundo ndogo kutu inakatika vizuri kuliko kuvuta.

FundiMakorora
Kugonga mkono wenyewe kwa pembeni, taratibu, juu ya kipande cha mbao, naafiki. Inatikisa kutu na kuingiza mafuta. Kugonga mpini wa renchi ni pigo la kusokota, na kwenye elbo ya plastiki mimi siligusi. Najua mafundi wanaofanya na hawajapata tatizo. Tutatofautiana hapo.

MzeeWaSpana
Tutofautiane.

BiChumbe
Mimi niongeze la kukatika, maana wetu ulikatika. Tredi zilibaki ndani ya elbo, kipande cha duara. Fundi wa kwanza akaingiza tindo na nyundo akitaka kukizungusha, akachubua tredi za shaba. Wa pili alikuja na kipande cha wembe wa msumeno wa chuma tu, bila fremu, amekizungushia kitambaa upande wa kushikia. Akaingiza ndani ya tundu akakata kile kipande kwa ndani kuelekea nje, polepole, akisimama kila mara kuangalia kwa tochi. Alipoona rangi ya shaba inaanza kuonekana mwisho wa mkato, akaacha. Akakata mkato wa pili pembeni ya wa kwanza. Kisha kwa bisibisi nyembamba akakisukuma kile kipande kati ya mikato miwili kiingie ndani, duara likalegea, akalitoa kwa plaizi. Alitumia muda mrefu, lakini ukuta haukuguswa.

FundiMakorora
Huyo wa pili ni fundi. Akizidisha mkato mmoja ndani ya shaba, maji yatapita humo humo hata ukifunga tepu nzima. Ukijikuta hapo, dada Kibada, angalia kwanza chembe zinazotoka. Nyekundu na nyeusi ni chuma. Zikianza kuwa za njano, simama.

MamaKibada
Nimerudi na majibu. Niliacha kitambaa cha mafuta usiku. Asubuhi nikachora mstari, nikafunika taulo la moto, nikagonga pembeni kwa ubao. Nikaweka tyubu ya baiskeli ya mtoto iliyotoboka.

Kukaza hakukusogea hata kidogo. Kufungua na tyubu, renchi ilishika vizuri, hapakuwa na kuteleza kwa muda, halafu ikaanza kuteleza. Mstari ulikuwa umenyooka bado. Nikarudia taulo na mafuta, nikasubiri mpaka mchana, nikajaribu tena. Hali ile ile. Nikaondoa tyubu, nikauma chuma.

Ilitoa mlio, "tak", nikaogopa nikaacha. Kuangalia mstari: wa kwenye mkono umesogea kulia, wa kwenye shaba na wa kwenye plastiki vimebaki pamoja. Je, niendelee?

FundiMakorora
Hongera, endelea. Mlio pamoja na mstari wa mkono peke yake kusogea na kubaki pale ulipofika ndiyo kutu iliyokatika. Usivute mpaka mwisho kwa mkupuo. Fungua kidogo, rudisha nyuma kidogo, ongeza tone la mafuta, fungua tena. Kutu iliyosagika inajikusanya kwenye tredi na inaweza kukwama tena katikati, na kukwama kwa pili ndiko kunakokata mikono.

MamaKibada
Umetoka! Tredi zake zimeliwa upande wa chini, kama robo ya duara hazipo. Ndani ya elbo kuna nyuzinyuzi za kahawia zilizokauka na kitu cheupe kigumu. Tredi za shaba zinaonekana nzima isipokuwa ule wa kwanza kabisa, umepinda kidogo upande mmoja.

FundiMakorora
Hizo nyuzi ni katani, na cheupe ni chokaa ya maji yenu. Safisha kwa mswaki wa waya mdogo wa shaba, hata mswaki wa meno wa zamani na siki. Hapo ndugu Kitonsa siki yake imepata kazi.

Tredi ya kwanza iliyopinda, huenda aliyefunga mwanzo aliingiza mkono ukiwa umelala upande. Chukua plagi ya nusu inchi ya shaba, iingize kwa vidole bila tepu. Ikiingia mizunguko mitatu minne kwa vidole, tredi inafaa. Ikigoma pale pale mwanzoni, usiilazimishe, kuna kifaa cha kusafishia tredi, maduka ya vifaa wanaazimisha.

Ikikubali, itoe, izungushie tepu, ifunge, fungua maji. Usifunge mkono mpya leo. Acha plagi na kikombe kikiwa nje, ili uone ndani ya tundu. Kausha kwa kitambaa, uweke karatasi ya chooni kuzunguka plastiki ya kijani. Karatasi inakuonyesha unyevu ambao jicho halioni.

MamaKibada
Plagi imeingia kwa vidole, mara ya kwanza ilitaka kupinda, nikairudisha nyuma nikaanza upya ikakubali. Nimefunga na tepu, maji yamefunguliwa tangu jana jioni. Karatasi kavu upande wa plagi. Lakini chini, kati ya plastiki na simenti, karatasi ilikuwa na unyevu kidogo asubuhi. Nikabadilisha, mchana kavu.

MzeeWaSpana
Hiyo elbo imesokotwa. Bomoa sasa kabla chumba cha pili hakijapata ukungu.

FundiMakorora
Mzee, mwenyewe kasema alifunika taulo la maji hapo hapo, na mimi nilimwambia asafishe kwa siki. Maji yaliyoingia kwenye simenti yanatoka kwa muda. Uvujaji wa bomba lenye presha haukauki mchana.

MzeeWaSpana
Presha ya tanki la juu ni ndogo. Inaweza kuvuja usiku watu wasipotumia, mchana ikapungua.

FundiMakorora
Hapo una hoja, sikatai. Dada, fanya hivi usiku wa leo: jaza tanki, funga mabomba yote, weka alama ya kiwango cha maji kwenye tanki, na karatasi mpya ukutani. Asubuhi angalia vyote viwili kabla mtu hajafungua maji. Karatasi ikiwa na unyevu siku mbili mfululizo bila wewe kuongeza maji hapo, nakubali na mzee.

Dogo_Minnesota
Nimepita tu. Dada yangu yupo Tabata, nataka kumtumia mkono wa shawa wa shaba kutoka huku, bei nzuri. Nusu inchi ni nusu inchi, au siyo?

FundiMakorora
Kaka, siyo kabisa. Tredi za huko na za huku zote ni 14 kwa inchi kwenye saizi hiyo, ndiyo maana unaanza kuingia vizuri. Ila pembe ya jino ni tofauti, huko nyuzi 60 na huku 55, na wa huko unanenepa kadiri unavyoingia. Wapo wanaoufunga na tepu nyingi na hauvuji. Kwenye pete ya shaba iliyoko ndani ya plastiki mimi nisingeukaza hivyo, kabari ile inasukuma pete nje. Bora umtumie hela.

Dogo_Minnesota
Mbona fundi mmoja hapa wa nyumbani kaniambia wanafunga kila siku?

FundiMakorora
Wanafunga. Sijasema hawafungi.

Dada Njeri, nakurudia. Mkono ulikwenda robo ukarudi wenyewe ulipoachia. Tredi iliyofunguka hairudi, inabaki ulipoiacha. Kinachorudi ni bomba linalosokotwa nyuma ya ukuta, linakunjuka ukiliachia. Elbo yako haijashikwa na simenti vizuri, au imeshang'oka. Sogeza kikombe, chora ule mstari, uone kama mkono na elbo vinakwenda pamoja. Kama vinakwenda pamoja, renchi haitasaidia hata iwe na kitambaa cha aina gani. Itabidi tailizi moja ikatwe, elbo ishikwe kwa renchi ya pili kwa nyuma, moja ikizuia na nyingine ikifungua.

Njeri_Ruiru
Nimesogeza kikombe. Vinaenda pamoja. Bomba la ndani ni nyeupe, si kijani, na tailizi ni ya mwenye nyumba.

BiChumbe
Piga picha ya huo mstari kabla na baada, na video ya unavyorudi. Umtumie mwenye nyumba kabla fundi yeyote hajagusa, maana ukuta ukilowana watasema ni wewe.

Njeri_Ruiru
Nimetuma. Amesoma, hajajibu.

MamaKibada
Karatasi ya usiku wa kwanza kavu, na tanki halijashuka. Nangojea ya pili ndiyo nifunge mkono mpya. Fundi, tepu mizunguko mingapi kwa mkono wa shaba?

FundiMakorora
Ile nyembamba, kama 12, upande wa saa ukiutazama uzi kwa mbele. Ingiza kwa mkono mpaka ushike, kisha mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu ili ncha iangalie chini. Ukipita mahali pake usirudishe nyuma kuiweka sawa, itoe yote uanze upya na tepu mpya. Na hapo ndipo weka tyubu yako, nikel ya huo mkono umeilipia.

MzeeWaSpana
Katani ni bora kuliko tepu kwenye maji ya chumvi.

FundiMakorora
Mzee, katani ndiyo hii aliyokuwa anaikwangua juzi kwa mswaki.